Saa ya kompyuta inarudi nyuma kila ukizima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikiwasha kompyuta naikuta tarehe ya miaka iliyopita. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni betri ndogo iliyo kwenye bodi mama. Ndani ya kompyuta kuna saa mbili, na ukizitenganisha kichwani sehemu kubwa ya tatizo hili inaeleweka. Ya kwanza ni saa ya bodi mama, inayotembea hata kompyuta ikiwa imezimwa, na ndiyo inayotunzwa na ile betri. Ya pili ni saa ya mfumo endeshi, yaani ile unayoiona pembeni mwa skrini. Hii hufa kila ukizima. Ukiwasha tena, Windows au Linux huisoma saa ya bodi mama, huanzia hapo, kisha baadaye hujaribu kujirekebisha kwa kuuliza seva ya saa mtandaoni.

Betri ikiisha na umeme ukikatika kabisa, saa ya bodi mama hupoteza hesabu na kurudi kwenye tarehe ya mwanzo iliyowekwa na kiwanda. Mara nyingi ni tarehe 1 Januari ya mwaka ambao bodi hiyo au programu yake ya BIOS ilitengenezwa. Mfumo endeshi hauna njia ya kujua kwamba umedanganywa. Unaipokea tarehe hiyo na kuendelea.

Nitajuaje kwamba ni betri kweli, wala si mpangilio uliokosewa?

Tazama saa imekosea kwa kiasi gani. Kiasi hicho kinasema mengi kabla hujafungua hata skrubu moja.

Ikiwa tarehe imeruka nyuma kwa miezi au miaka, na hasa ikiwa ni tarehe ileile kila mara, ni betri. Mara nyingi utaona pia ujumbe wa BIOS kabla mfumo haujawaka, kama `CMOS checksum error` au `CMOS date/time not set`, ukiombwa ubonyeze F1 ili kuendelea.

Ikiwa saa inaanzia pale ulipoizima, kwa mfano ulizima 17:30 na asubuhi inaonyesha 17:31 ya jana, hiyo pia ni betri, lakini haijafa kabisa. Bado ina nguvu ya kuhifadhi namba, ila haina nguvu ya kuitembeza saa. Dalili hii huwachanganya watu wengi kwa sababu mipangilio mingine ya BIOS huwa haijapotea.

Ikiwa dakika ni sahihi kabisa ila saa zimezidi au zimepungua kwa idadi kamili, usiiguse betri. Hapo tatizo ni ukanda wa saa, au ni kompyuta yenye Windows na Linux pamoja. Tutalifikia chini.

Na ikiwa inachelewa au kuwahi kwa sekunde chache kwa siku, hiyo ni tabia ya kawaida ya kioo kinachopiga mapigo ya saa. Kioo hicho hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Kikikosea sehemu 20 tu kati ya milioni, saa inapotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, au kama dakika moja kasoro kwa mwezi. Dawa yake ni kulinganisha saa na mtandao, wala si betri mpya.

Mbona saa inakuwa sawa siku nyingine, na siku nyingine inapotea?

Kwa sababu kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa kwenye soketi yenye umeme haitumii betri hiyo. Kisanduku cha umeme huendelea kutoa mkondo mdogo wa kusubiri, na saa hutembea kwa mkondo huo. Betri inaweza kuwa imekufa muda mrefu na usijue. Siku mtu akizima swichi ya ukutani, akichomoa waya, au umeme ukikatika usiku, ndipo tarehe inapotea.

Hii pia inaeleza kwa nini kompyuta mbili za umri mmoja hazilingani. Betri ya kawaida ya aina hii ina uwezo wa takriban miliampia-saa 220. Saa ikivuta tuseme mikroampia 5 bila kupumzika, hesabu inatoa saa 44,000, yaani kama miaka mitano. Kompyuta inayozimwa ukutani kila jioni hutumia betri yake usiku kucha na wikendi nzima. Ile inayoachwa imechomekwa inaweza kukaa na betri yake kwa miaka mingi zaidi.

Windows imewekwa ijirekebishe yenyewe mtandaoni. Kwa nini haijirekebishi?

Hili ndilo swali lenye manufaa kuliko yote hapa, kwa sababu jibu lake halionekani kwenye skrini. Huduma ya saa ya Windows ina kikomo. Kwenye kompyuta isiyo ndani ya mtandao wa kikoa wa ofisi, ikikuta tofauti kati ya saa yake na ya seva inazidi sekunde 54,000, ambazo ni saa 15, kwa kawaida inakataa kusahihisha. Kikomo hicho kiliwekwa kwa makusudi, ili seva mbovu au mtu mwenye nia mbaya asiweze kuirusha saa yako miaka mbele au nyuma. Lakini betri ikifa tofauti huwa ya miaka, kwa hiyo ulinzi huo unaizuia saa yako kupona.

Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike:

```
w32tm /resync
```

Ukiona `The computer did not resync because the required time change was too big`, umekutana na kikomo hicho. Nenda `Settings`, kisha `Time & language`, kisha `Date & time`. Zima `Set time automatically`, bonyeza `Change` na uweke tarehe na saa kwa mkono. Usihangaike na sekunde. Ukikaribia kwa dakika chache inatosha. Kisha washa tena `Set time automatically` na ubonyeze `Sync now`. Sasa tofauti ni ndogo, itakubali.

Kama jibu la amri ile ni `The service has not been started. (0x80070426)`, huduma yenyewe haijaamka. Iamshe kwa `net start w32time` na urudie.

Na kwa nini tovuti hazifunguki wakati intaneti ipo?

Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2019 inaona cheti kilichotolewa mwaka huu kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa. Kwenye Chrome utaona `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Barua pepe na masasisho hukwama kwa sababu hiyohiyo. Usibonyeze kitufe cha kuendelea bila usalama. Rekebisha tarehe, funga kivinjari, kifungue tena.

Ninunue betri ya aina gani?

Soma maandishi yaliyochongwa juu ya ile ya zamani. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032: volti 3, kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2. Namba yenyewe ndiyo inayotaja vipimo hivyo. CR2025 na CR2016 zina kipenyo hichohicho na volti hizohizo, ila ni nyembamba, milimita 2.5 na 1.6. Zinaingia kwenye kishikio lakini hazigusi vizuri, na saa itapotea hata betri ikiwa mpya.

Jihadhari pia na LIR2032. Kwa sura inafanana kabisa, lakini ni ya kuchajiwa, na ikijaa hupanda zaidi ya volti 4. Bodi ya kawaida haikutengenezwa kwa volti hizo, wala haina njia ya kuichaji.

Kwenye laptopu nyingi betri hiyo imefungwa ndani ya plastiki na ina waya mbili zinazoishia kwenye plagi ndogo. Nunua yenye plagi ya aina ileile, na hakikisha waya mwekundu na mweusi zimekaa upande uleule. Kuna laptopu mpya zisizo na betri hii kabisa. Saa yao hutunzwa na betri kuu. Hizo zikipoteza tarehe baada ya kukaa wiki kadhaa bila chaji, hakuna cha kubadilisha ila kuchaji.

Naweza kuipima kabla ya kununua nyingine?

Ndiyo, kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20. Betri mpya husoma kati ya 3.0 na 3.3. Ikishuka chini ya 2.8, ibadilishe hata kama saa bado inatembea. Ikiwa chini ya 2.5 tayari umeshaona matatizo. Ipime ikiwa bado iko kwenye kishikio chake, kompyuta ikiwa imechomolewa: ncha nyekundu juu ya betri, nyeusi kwenye chuma cha kasha kisicho na rangi. Betri iliyochoka ikitolewa nje huweza kusoma vizuri kwa sababu hakuna kinachovuta mkondo, kisha ikarudi chini mara ikirudishwa kazini.

Kuna la kufanya kabla ya kuitoa?

Mambo mawili, na yote mawili huumiza yakisahaulika.

La kwanza ni mipangilio ya BIOS. Ukitoa betri, bodi nyingi hurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Ingia kwenye BIOS, kwa kawaida kwa Del au F2 mara tu baada ya kuwasha, na upige picha kwa simu kila ukurasa. Muhimu zaidi ni namna diski inavyosomwa, AHCI au RAID. Ikibadilika bila wewe kujua, Windows itakwama na ujumbe `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, na utadhani diski imekufa. Rudisha ilivyokuwa, itawaka. Piga picha pia mpangilio wa diski inayoanza kwanza, `Secure Boot`, na kasi ya RAM kama uliwahi kuibadilisha.

La pili ni usimbaji wa diski. Kama BitLocker imewashwa, na kwenye laptopu nyingi huwa imewashwa bila mwenyewe kukumbuka, mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya iombe ufunguo wa kuokoa data wenye tarakimu 48. Uone sasa, kwa mamlaka ya msimamizi:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Uandike kwenye karatasi. Kuuhifadhi ndani ya diski hiyohiyo hakutakusaidia. Bila ufunguo huo data haifunguki, hata fundi awe hodari namna gani.

Hatua za kubadilisha ni zipi?

Zima kompyuta kabisa, zima swichi iliyo nyuma ya kisanduku cha umeme, na uchomoe waya. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 15 ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha na uguse chuma kisicho na rangi kabla ya kugusa bodi, ili umeme tuli wa mwili wako uishie hapo.

Tafuta sarafu inayong'aa. Mara nyingi iko karibu na nafasi za kadi, na kadi kubwa ya picha inaweza kuwa imeifunika. Itoe kadi kwanza, usilazimishe vidole. Angalia upande wenye alama ya jumlisha umeelekea wapi. Kwenye vishikio vya kulala huwa juu, lakini vipo vya kusimama, na hapo picha ya simu inakuokoa. Pembeni mwa kishikio kuna ulimi mdogo wa chuma. Usukume kwa nje kwa ukucha au kijiti cha plastiki, betri itaruka yenyewe. Bisibisi ya chuma ikiteleza inaweza kukwangua njia za shaba, na kuinua betri kwa nguvu hupinda chuma cha chini kinachoigusa. Chuma hicho kikipinda, betri mpya nayo itaonekana imekufa.

Ifute mpya kwa kitambaa kikavu, ishike kwa kingo, iingize upande uleule hadi isikike ikibana.

Kwenye laptopu, chomoa kwanza plagi ya betri kuu kutoka kwenye bodi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Na kama betri ya saa imeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea, mpelekee fundi mwenye vifaa. Usiichomelee mwenyewe moja kwa moja, kwani joto huweza kuipasua.

Ile ya zamani iweke mahali mtoto hafiki tangu dakika unapoitoa, maana hata ikiwa haiwezi tena kuendesha saa, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Betri ya ukubwa huu ikikwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Mtoto akishukiwa kuimeza ni hospitali papo hapo, bila kusubiri dalili.

Nimebadilisha. Nihakikisheje kwamba imepona?

Usiangalie saa ya Windows. Ikiwa intaneti ipo, saa hiyo inaweza kuwa imerekebishwa sekunde chache zilizopita na kukuficha tatizo. Ingia BIOS, weka tarehe na saa, rudisha mipangilio kutoka kwenye picha zako, hifadhi kwa F10. Kisha zima, chomoa waya, na uiache usiku kucha. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu umeme uliobaki kwenye bodi unaweza kuitunza saa kwa muda mfupi hata bila betri. Asubuhi chomeka, washa, na uingie BIOS moja kwa moja. Saa ikiwa sahihi hapo, kazi imekwisha.

Chukua mfano wa kompyuta ya ofisini inayozimwa ukutani kila jioni saa 11 na nusu. Kila asubuhi inaonyesha 01/01/2019, saa 00:02. Chrome inakataa tovuti zote, na `w32tm /resync` inasema tofauti ni kubwa mno. Mtumiaji anaweka tarehe kwa mkono, kila kitu kinafanya kazi hadi jioni, na kesho yake ni yaleyale. Multimita inasoma volti 2.38 kwenye kishikio. Betri inabadilishwa, BIOS inapangwa, kompyuta inalala bila umeme. Asubuhi BIOS inaonyesha tarehe sahihi, saa ikiwa imechelewa kwa sekunde mbili. Windows inawaka, inauliza seva, inaziondoa sekunde hizo mbili bila kulalamika, kwa kuwa ziko mbali kabisa na kikomo cha saa 15.

Seva ya saa nibadilishe?

Si lazima. `time.windows.com` inatosha kwa watu wengi. Ikiwa haijibu, tazama kwanza kama ruta au ukuta wa moto unazuia UDP mlango 123. Mitandao mingi ya ofisi huuzuia. Ukitaka seva ya pili iwepo, amri ni hizi:

```
w32tm /config /manualpeerlist:"pool.ntp.org,0x8 time.windows.com,0x8" /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync
w32tm /query /status
```

Ya mwisho inakuonyesha kwenye `Source` seva iliyotumika, na kwenye `Last Successful Sync Time` lini ilifanikiwa. Lakini kompyuta iliyo ndani ya kikoa cha ofisi iache kama ilivyo. Hiyo huchukua saa kutoka kwa seva ya kikoa, na ikitofautiana nayo kwa zaidi ya dakika 5, kwa mpangilio wa kawaida, kuingia kwa nywila ya ofisi kunaweza kukataliwa.

Nina Windows na Linux kwenye kompyuta moja, na saa inaruka kila nikibadili.

Betri yako ni nzima. Windows huandika kwenye bodi mama saa ya mahali ulipo, Linux huandika saa ya dunia, UTC. Kila mmoja anasoma alichoandika mwenzake kwa hesabu yake mwenyewe, ndiyo maana tofauti ni sawasawa na ukanda wako wa saa. Chagua mmoja ufuate mwingine. Tunaona ni afadhali Windows ifuate UTC, kwa kuwa saa ya bodi haitahitaji kuguswa hata mahali panapobadili saa kwa majira:

```
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Kisha anzisha upya. Upande wa Linux, `timedatectl` itakuonyesha saa zote mbili pamoja, na `sudo timedatectl set-ntp true` itawasha ulinganishaji.

Betri mpya imeisha baada ya wiki chache. Nini tena?

Anza na betri yenyewe. Iliyokaa dukani miaka mingi au ya bandia huja imechoka. Ipime kabla ya kuiweka, na isipofika volti 3 irudishe. Kisha angalia jampa ya kufuta BIOS, yaani kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili za bodi, yenye maandishi kama `CLR_CMOS` au `CLRTC` karibu nayo. Ikiachwa kwenye pini za kufuta, saa haitashika kabisa, na kwenye bodi nyingine betri humalizwa haraka. Tazama pia kama kuna kutu, vumbi lenye unyevu au kimiminika kilichokauka kuzunguka kishikio. Hivyo hupitisha umeme kidogokidogo mchana na usiku. Safisha kwa brashi laini na spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, ukiwa umechomoa waya na kutoa betri, na uache pakauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Yote hayo yakiwa safi na betri nzuri ikaendelea kushuka, kuna kijenzi kwenye bodi kinachovuta mkondo kupita kiasi. Fundi anaweza kukipima kwa kuunganisha multimita kati ya betri na kishikio kwenye kipimo cha mikroampia, kompyuta ikiwa imechomolewa. Mikroampia chache ni kawaida. Ikisoma mamia, betri yoyote utakayoweka itaisha ndani ya miezi michache tu.